Namba ya CPI ilitoka nzuri, mbona akaunti yangu imeungua?

*Shikamoo kaka. Juzi namba ya CPI ya Marekani, ile ya mfumuko wa bei, ilitoka nzuri, chini kidogo ya ilivyotarajiwa, na mimi nilikuwa nimeshanunua bitkoini dakika kumi kabla kwa levareji ya mara 30, yaani dili kubwa mara 30 ya pesa yangu. Stopu losi, oda ya kunitoa bei ikishuka, niliiweka asilimia 1 chini. Ikanitoa na karibu nusu ya pesa yangu imeenda, halafu dakika chache baadaye bei ikapanda kulekule nilikotegemea. Niliiweka karibu mno? Kuna kundi la Telegram linauza signali za siku ya CPI kwa 50,000. Nijiunge?*

Marahaba, mdogo wangu. Umbali wa stopu losi sio tatizo lako, na hiyo 50,000 usiitume. Ujumbe kama wako naupata kila mwezi, jioni ya siku hiyohiyo, na karibu kila anayeniandikia anaamini kwamba ukishaipatia namba, umeipatia na bei. Imani hiyo inaniudhi kuliko kitu kingine chochote katika kazi hii, kwa sababu hata aliyepatia kama wewe inamla.

Chukua Alhamisi ya tarehe 13 Oktoba 2022. Soko lilitarajia mfumuko wa bei wa mwaka uwe asilimia 8.1, ukatoka 8.2. Ule usiohesabu chakula na nishati ulitoka 6.6, kiwango cha juu kuliko vyote tangu 1982. Namba mbaya, hapakuwa na ubishi. Bitkoini iliyokuwa karibu na dola 19,000 iliporomoka kuelekea 18,300, na hisa za New York zilifunguliwa zikiwa zinavuja damu. Halafu soko likageuka. Fahirisi ya hisa ya Dow Jones, iliyokuwa imepoteza zaidi ya pointi 500, ilifunga siku ikiwa juu kwa zaidi ya 800. S&P 500 ilifunga imepanda asilimia 2.6, na bitkoini ikarudi juu ya 19,000. Namba ilikuwa mbaya na siku ikaisha kijani.

Sasa pitisha levareji yako ya mara 30 kwenye siku ile. Dhamana yako ni asilimia 3.3 ya dili nzima, na soko la kripto halisubiri iishe yote, kwa kawaida linakufunga ikibaki kama nusu asilimia. Kwa hiyo una nafasi ya kupumua ya asilimia 2.8 hivi. Aliyenunua kwa 19,000 kabla ya namba alifungiwa karibu na 18,460, na bei ilipita hapo. Mwingine aliyejiona mjanja akasubiri namba itoke, akaona ni mbaya, akauza kwa 18,500. Huyu alifungiwa karibu na 19,020 bei iliporudi. Mmoja alitaka bei ipande na ikapanda, mwingine aliisoma namba sawasawa, na wote wawili wameungua siku moja.

Mbona namba mbaya inapandisha bei, au nzuri kama yako inaanza kwa kushusha? Kwanza, bei huwa imeshakula matarajio kabla ya siku yenyewe. Wakubwa wakiwa wamejiandaa kwa mabaya, wameshauza, na mabaya yakija hapabaki wa kuuza. Pili, namba yenyewe haiji moja. Jedwali lina badiliko la mwezi, la mwaka, la jumla, la bila chakula na nishati, kodi za nyumba na magari yaliyotumika. Mashine zinasoma mstari wa juu na kununua au kuuza kabla hujapepesa jicho. Watu wanasoma mistari ya chini kwa dakika kumi au ishirini zinazofuata, na wanaweza kuamua kinyume chake.

Ila lililokupiga wewe lilitokea kwenye kitabu cha oda, na hili ningependa ulione kwa macho yako. Mwezi ujao fungua ukurasa wa BTC/USDT, yaani bitkoini kwa dola ya kidijitali, dakika tano kabla ya namba, bila dili yoyote, utazame tu oda za kununua na za kuuza. Zitaanza kupungua. Wale wanaoweka oda pande zote mbili siku nzima ili wapate faida ya tofauti ndogo hawataki kukamatwa na namba wakiwa na mzigo mkubwa mezani, kwa hiyo wanaziondoa au wanazisogeza mbali. Ikibaki dakika moja, mahali palipokuwa pamejaa pana mapengo. Oda ambayo saa moja nyuma isingetikisa kitu sasa inateremsha bei ngazi kadhaa kwa mpigo mmoja.

Stopu losi yako ilikuwa ya kawaida, ile inayoandikwa Stop Market. Haikuahidi bei. Iliahidi kwamba bei ikigusa hapo, uza kwa chochote kilichopo. Ulipanga kupoteza asilimia 1, ambayo kwa levareji ya 30 ni asilimia 30 ya pesa yako. Bei ilipogusa, mnunuzi wa karibu hakuwa kwenye asilimia 1, pengine alikuwa kwenye 1.5. Zidisha kwa 30, ongeza na ada ya kuingia na kutoka ambayo nayo inakatwa kwa dili nzima, na hiyo ndiyo nusu unayoililia. Wapo watakaokushauri utumie Stop Limit ili bei isiteleze. Ni kweli haitateleza, lakini bei ikikiruka kiwango chako kwenda chini oda inabaki pale haijajazwa, na wewe bado uko ndani huku bei inazidi kuanguka. Ukiisogeza mbali nayo, kwa levareji hiyo utafungiwa na soko kabla haijaguswa. Hakuna mpangilio wa stopu losi unaofaa kwenye dakika ile.

Na dakika ile sio moja. CPI hutoka saa 2:30 asubuhi ya New York, wakati soko la hisa lenyewe bado limefungwa. Kinachofanya kazi muda huo ni mikataba ya mbele ya fahirisi za hisa za Nasdaq na S&P, na mifuko mikubwa inayoshika bitkoini inaihesabu pamoja na hisa za teknolojia, kama kitu cha kupunguza riba ikitishia kupanda. Hilo ndilo wimbi la kwanza. Saa moja baadaye hisa zinafunguliwa, wenye pesa nyingi wanaingia kweli, na hapo mwelekeo wa saa nzima unaweza kufutwa, kama ilivyokuwa ile Oktoba.

Kwa saa za kwetu Afrika Mashariki, CPI na ripoti ya ajira ya Marekani hutoka saa tisa na nusu alasiri, na hisa hufunguliwa saa kumi na nusu. Marekani wakirudisha saa nyuma, kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba hadi Jumapili ya pili ya Machi, kila kitu kwetu kinasogea mbele saa moja. Wengi wanaunguzwa na hili tu. Mtu anakaa pembeni saa tisa na nusu ya Novemba, anaona kimya, anadhani imepita, anaingia saa kumi na dakika ishirini.

Mimi siku hiyo nakuwa nimefunga kila dili yenye levareji kufikia saa nane, na sifungui nyingine hadi hisa zitimize saa moja tangu zifunguliwe. Kabla ya kurudi naangalia mambo mawili: oda zimejaa tena karibu na bei pande zote mbili, na mishumaa ya chati ya dakika 15 imerudi kwenye urefu wa siku za kawaida. Mishumaa ikiwa bado ina mikia mirefu juu na chini, basi siku hiyo haina kazi. Mikutano ya riba ya Benki Kuu ya Marekani, minane kwa mwaka, ina mtego wake. Uamuzi hutoka saa tatu usiku, na nusu saa baadaye mwenyekiti anaanza kujibu waandishi wa habari, na jibu moja linaweza kugeuza kila kitu. Usiku huo nalala, naangalia asubuhi. Kama una bitkoini uliyoinunua kwa pesa taslimu, bila mkopo wa soko, haya hayakuhusu, iache ilale.

Ripoti ya ajira ni hatari kwa namna nyingine kwa sababu mara nyingi hutoka Ijumaa. Ile ya tarehe 2 Agosti 2024 ilionyesha ajira mpya 114,000 na ukosefu wa ajira asilimia 4.3, vibaya kuliko ilivyotarajiwa, siku mbili tu baada ya Benki Kuu ya Japani kupandisha riba. Bitkoini siku ile ilikuwa juu ya 60,000. Hisa zikafungwa kwa wikiendi, na mwenye hofu Jumamosi hakuwa na hisa ya kuuza, alikuwa na kripto tu. Ikauzwa, oda zikiwa haba. Jumatatu Tokyo ikafunguliwa, saa tisa usiku kwetu, fahirisi ya hisa za huko, Nikkei, ikaanguka zaidi ya asilimia 12 siku hiyo, na bitkoini ikapita chini ya 50,000. Ajira ikitoka mbaya Ijumaa, kwangu kukaa pembeni kunaisha Jumatatu jioni.

Hata hivyo usidhani bitkoini inaifuata Nasdaq kila siku kama kivuli. Tarehe 10 Novemba 2022 CPI ilitoka 7.7 badala ya 7.9 na Nasdaq ikaruka zaidi ya asilimia 7 kwa siku moja. Bitkoini nayo ilipanda, ila kesho yake soko la kripto la FTX liliomba kufilisika, na furaha ile kwenye kripto haikudumu.

Sasa hao wa Telegram. Anayeuza signali ya CPI anauza kitu asichokuwa nacho, kwa sababu hata angeijua namba, umeona Oktoba 2022 ilivyokwenda. Mchezo wao naujua. Wana makundi mawili, moja linaambiwa nunua na lingine uza. Baada ya namba, kundi lililopata linapigwa picha na kutangazwa, na lililopoteza linafutwa au linaambiwa halikufuata maelekezo. Wengine hata ada hawaihitaji, wanakupa kiungo cha kujisajili na soko la kripto na wanalipwa kamisheni kwa kila dili unayofungua, ushinde au uungue. Ndiyo maana wanakusukuma kwenye levareji kubwa siku yenye msukosuko: dili kubwa, ada kubwa. Nimeandikiwa na mama aliyeweka humo pesa ya kikoba, na kijana aliyechukua mikopo mitatu ya simu kwa wiki moja akifukuzia hasara ya CPI moja.

Ukitaka kuwapima, waombe historia ya akaunti yao ya miezi sita, faili zima linalopakuliwa kutoka kwenye soko, lenye kila dili na kila hasara. Picha ya skrini usiipokee. Wakikuondoa kwenye kundi kwa kuuliza, umeokoa 50,000.