Dira mkononi, kivuli kando: maswali yenu kuhusu kushika mwelekeo porini

Shikamoo Mwalimu. Nilisoma kwamba saa sita mchana jua huwa kusini. Nikasimama nje hapa Mbarara, mwezi wa sita, kivuli changu kikaelekea kusini, kwa hiyo jua lenyewe lilikuwa kaskazini! Nimekosea wapi?

Marahaba. Hujakosea popote. Uliyoyasoma yaliandikiwa watu wa Ulaya, ambako jua la mchana haliendi kaskazini hata siku moja. Sisi huku Uganda mstari wa ikweta unatukata. Ukienda Masaka kutoka Kampala unauvuka pale Kayabwe, watu wanaposimama kupiga picha. Kwetu jua lina zamu: tangu kama tarehe 21 Machi hadi 23 Septemba mapito yake ya mchana yako kaskazini, na miezi iliyobaki yako kusini. Siku zile mbili za mpakani linapita utosini kabisa. Kwa walioko Arua au Kotido, zamu ya kaskazini huanza kama wiki moja baadaye na kuisha wiki moja mapema.

Ile njia ya kuelekeza mshale wa saa ya mkononi kwenye jua iache pia, maana imetoka hukohuko na hapa itakupoteza. Tena saa sita ya saa yako si saa sita ya jua. Saa zetu zimepangwa kwa kufuata mstari ulio mbali mashariki, ng'ambo ya Kenya, kwa hiyo jua la Uganda hufika juu kabisa karibu saa saba kasorobo.

Lakini ikweta inatupa neema ambayo Ulaya hawana, nayo ni asubuhi. Jua letu linachomoza likipanda karibu wima, badala ya kupanda huku likikimbilia pembeni. Kwa saa mbili au tatu za mwanzo, upande lilipo haubadiliki sana. Hiyo ndiyo siri ya jibu linalofuata.

Mimi natembelea vijiji vya wafugaji huku Karamoja, mtandao hakuna. Nina dira, lakini nikiitazama kila hatua najikwaa, nisipoitazama napinda. Wenzangu mnafanyaje?

Dira kazi yake ni kukupa mwelekeo, si kukuongoza kila hatua. Ukishaupata, ukabidhi kwa kitu kilicho mbele yako na kwa kivuli chako. Nikueleze kwa safari moja, ya aina niliyoizoea miaka ile nilipobeba vifaa vya wapima ardhi.

Tuseme ni mwishoni mwa Juni, saa mbili asubuhi. Uko barabarani, na kisima cha bomba kiko kilomita 6 mbele, kando ya mto mkavu unaokatisha toka mashariki kwenda magharibi. Kwenye ramani umepima mwelekeo wa digrii 340, yaani kaskazini ukiegemea magharibi kidogo. Sindano ya dira hapa Uganda inatofautiana na kaskazini ya kweli kwa digrii moja au mbili tu, kwa hiyo kwa mwendo wa miguu usijisumbue kurekebisha.

Kwanza, usilenge kisima. Lenga kulia kwake kwa makusudi, digrii 345. Kila digrii moja kwa kila kilomita moja inakusogeza kando kama mita 17, basi digrii 5 kwa kilomita 6 ni nusu kilomita na ushee. Ukilenga kisima chenyewe halafu ufike mtoni usikione, hutajua kiko kushoto au kulia. Ukilenga kulia, hata ukiyumba digrii 3 njiani, ukiukanyaga mchanga wa mto unajua cha kufanya: kata kushoto, fuata ukingo hadi ukione.

Sasa zungusha duara la namba mpaka 345 ikae kwenye mshale wa mbele. Shika dira ikiwa tambarare kifuani, jigeuze mwili mzima mpaka ncha nyekundu iingie kwenye alama ya kaskazini. Inua macho. Usichague "kile kichaka", maana ukishuka bondeni vitakuwa vichaka mia. Chagua kitu kisicho na pacha: mgunga uliovunjika tawi, kichuguu chenye ncha mbili. Kisha chagua cha pili nyuma yake kwenye mstari uleule. Vitu viwili vikikaa kimoja mbele ya kingine, uko kwenye mstari. Kimoja kikichungulia pembeni, umeshahama.

Kabla ya kuondoka, tazama kivuli chako. Saa hiyo jua liko karibu digrii 66, mashariki likivutwa kaskazini. Wewe unaelekea 345, kwa hiyo jua linakupiga shavu la kulia, na kivuli kinalala kushoto kwako kama mkono ulionyooshwa, kikirudi nyuma kidogo tu. Hicho ndicho cha kutazama ukiwa unatembea. Ukiingia kwenye miiba ukazunguka mara tatu, kivuli kitakuambia umetoka ukielekea wapi kabla hujafungua dira.

Ila kivuli kina muda wake. Siku hiyohiyo, ikifika saa nne kasorobo jua limesogea hadi digrii 60 hivi, tofauti ndogo ambayo mguu hauihisi. Saa tano kasorobo liko kama 51, na saa sita kasorobo limekimbia hadi 33. Mtu anayeng'ang'ania kivuli kikae palepale kushoto mpaka saa hiyo atakuwa amegeuzwa digrii zaidi ya 30 kuelekea magharibi, na yeye anaapa amenyooka. Desemba kosa hilo linampeleka mashariki. Kwa hiyo asubuhi simama kila nusu saa, pima upya kwa dira, ukitazame tena kivuli kilipolala. Ikipita saa nne na nusu, acha kukitegemea. Kuanzia kama saa tisa na nusu alasiri kinarudi kazini, sasa jua likiwa upande wa magharibi.

Na saa saba mchana, jua likiwa utosini na kivuli kimeingia miguuni? Dira yangu imepasuka.

Hapo tumia fimbo. Chomeka fimbo iliyonyooka, yenye urefu wa mita moja juu ya ardhi, mahali tambarare. Hakikisha imesimama wima: funga kijiwe kwenye uzi, kining'inize kando yake. Ncha ya kivuli inapogusa, weka kokoto. Subiri dakika 30, weka kokoto la pili kwenye ncha mpya. Yatakuwa yameachana kama sentimita 13. Kokoto la kwanza ni magharibi, la pili ni mashariki. Chora mstari kati yake, uukatishe kwa msalaba, umepata kaskazini na kusini.

Watu wengi huijaribu asubuhi, na ndiyo maana wanaidharau. Juni au Desemba, saa tatu kabla ya adhuhuri ya jua, mstari huo unakosea digrii 17 hivi. Ukiweka kokoto la kwanza saa sita na nusu, na la pili saa saba kamili, umeizunguka ile saa saba kasorobo na kosa linakaribia kuisha. Machi na Septemba inafaa siku nzima. Yaani fimbo ina nguvu saa ileile kivuli cha mwili kinapokuacha, na hizo dakika 30 ndizo za kunywa maji chini ya mti.

Si simu ina dira ndani? Kwa nini kubeba nyingine?

Inayo, na hata GPS yake inafanya kazi bila mtandao, mradi ramani umeipakua ukiwa mjini. Itumie. Lakini dira ya simu inavurugwa na kava lenye sumaku, na betri ikiisha vyote vimezima pamoja. Ukiwa nazo zote mbili usizishike pamoja, simu iwe mbali na dira kwa urefu wa mkono au zaidi. Panga lako nalo liwe mbali vilevile.

Kaka yangu aliniletea dira nzuri kutoka Uingereza. Sindano inazunguka kwa shida, mara inakwama. Imeharibika?

Haijaharibika, imesawazishwa kwa nchi nyingine. Nguvu ya sumaku ya dunia haivuti kwa ulalo tu. Uingereza inaivuta ncha ya kaskazini ichungulie chini, kwa hiyo mtengenezaji anaizidishia uzito ncha ya kusini ili sindano ikae sawa. Uganda iko kusini ya ikweta ya sumaku, yaani mstari ambapo sindano haivutwi chini upande wowote, nao unapita kaskazini yetu, upande wa Ethiopia. Hapa ni ncha ya kusini inayovutwa chini, na tayari imeongezwa uzito. Inalala, inakwaruza kibao, inakwama.

Utaijua kwa kuitazama kwa ubavu, usawa wa jicho: ncha nyekundu imeinuka, ya pili imegusa chini. Wakati unasubiri nyingine, inamisha dira kidogo kuufuata ulalo wa sindano mpaka iwe huru, igonge taratibu kwa kidole, soma, kisha rudia mara tatu. Zikitoka namba tatu zinazolingana, zitumie. Ukinunua, uliza iliyosawazishwa kwa ukanda wetu au ile ya dunia nzima.

Tulikuwa chini ya mlima Moroto, dira mbili zikatofautiana. Tuamini ipi?

Bado msiamini hata moja. Moroto, Napak, Kadam na Elgon ni volkeno za zamani, na mawe meusi ya volkeno mara nyingi yana madini yanayovuta sindano. Niliwahi kuweka dira juu ya jiwe la namna hiyo, sindano ikahama karibu digrii 20. Nikatembea hatua kumi na tano, ikarudi.

Njia ya kuhakikisha ni mbili. Mmoja asimame kwenye jiwe, mwingine hatua mia mbele, kila mmoja ampime mwenzake. Namba zenu lazima zitofautiane kwa digrii 180. Mkiona 40 na 220, mko salama. Mkiona 40 na 235, sehemu mojawapo ina kitu, sogeeni mpime tena.

Ukiwa peke yako na ni asubuhi, tumia jua. Kabla ya kuondoka kambini chomeka fimbo, pima kwa dira mwelekeo wa kivuli chake, uandike. Nusu saa baadaye, ukifika penye mawe, fanya vilevile. Saa hizo kivuli kinahama digrii chache tu. Dira ikikuonyesha kimehama 15, ni jiwe linalosema. Hapo funga dira, shika mstari kwa kivuli na kwa vitu viwili vya mbele mpaka uyaache mawe, kisha pima tena.