Yai la ulimwengu: nani alilipasua?

Swali: Shikamoo mwalimu. Naandaa insha ya fasihi simulizi. Nimesoma kwamba Wafini, Wachina na Wahindi wote wana visasili vya dunia kutoka kwenye yai, na Wababeli wana bahari ya machafuko. Je, waliazimana? Na hilo yai na hayo machafuko ni kitu kimoja au viwili?

Jibu: Marahaba. Naanza na swali lako la pili, maana likieleweka, la kwanza linakuwa jepesi.

Tukisikia "machafuko ya mwanzo" tunawaza vurumai: moto, tufani, vitu vinagongana. Matini za kale mara nyingi haziko hivyo. Zinaeleza utulivu wa vitu ambavyo bado havijatengana. Enuma Elish, kisasili cha Wababeli kilichoandikwa kwenye vibao saba vya udongo, kinaanza wakati mbingu na nchi hazijapewa hata majina. Yapo maji tu: Apsu, maji baridi, na Tiamat, maji ya chumvi, wamechanganyika pamoja. Fujo inaingia baadaye, miungu vijana wanapozaliwa na kupiga kelele hadi Apsu akakosa usingizi. Yai ni sura nyingine ya hali hiyohiyo ya kutotengana. Ukilivunja leo utaona ute na kiini, huoni mdomo wala bawa. Ukiliacha likaatamiwa, kifaranga anatoka.

Kwa hiyo usiishie kuuliza kama kisasili kina yai au hakina. Uliza kilichochanganyika kilitenganishwa na nini. Hapo ndipo mataifa haya yanapoachana.

Babeli ni vita. Marduk, mungu wa mji wa Babeli, anamuua Tiamat, kisha anampasua vipande viwili kama samaki wa kuanikwa. Mfano huo umo kwenye matini yenyewe, na aliyewahi kuona ng'onda hahitaji maelezo. Nusu moja anaiezeka iwe mbingu, anatia komeo na kuweka walinzi ili maji yasitoroke. Mpangilio wa dunia unakuwa kazi ya mfalme aliyeshinda, na ndiyo maana kisasili hiki kilisomwa Babeli katika sikukuu ya mwaka mpya.

Nenda India uone tofauti. Chandogya Upanishadi, kitabu kitakatifu cha Wahindu, inasema mwanzoni hapakuwa na kitu, kisha kikawapo, kikakua, kikawa yai. Yai likalala mwaka mzima, likapasuka. Ganda moja lilikuwa la fedha, likawa nchi. Jingine la dhahabu, likawa mbingu. Utando wa nje ukawa milima, wa ndani ukawa mawingu na ukungu, mishipa ikawa mito, majimaji yakawa bahari, na kilichozaliwa humo ni jua. Hakuna aliyepigana na mtu. Kilichofanya kazi ni muda. Aliyetunga haya, nadhani, alikuwa amelichungulia yai lililoatamiwa, kwa sababu mishipa huioni kwenye yai bichi la sokoni.

China nako yai halivunjwi na mtu, ingawa utasoma kwamba Pangu, jitu la mwanzo wa dunia, alilipasua kwa shoka. Shoka ni nyongeza ya wasimulizi wa baadaye. Simulizi ya zamani zaidi tuliyo nayo ni ya mwandishi Xu Zheng wa karne ya 3, nayo inasema mbingu na nchi zilikuwa zimechanganyika *kama* yai la kuku, na Pangu akazaliwa humo ndani. Baada ya miaka 18,000 vilivyo safi vikapanda vikawa mbingu, vilivyo vizito vikashuka vikawa nchi. Mbingu ikapanda zhang moja, kipimo cha urefu cha Kichina, kila siku, nchi ikanenepa zhang moja, na Pangu akarefuka zhang moja, kwa miaka mingine 18,000. Zingatia hilo neno "kama". Yai hapa ni tashbihi, wala hakuna ndege aliyelitaga. Ukiandika kwamba Wachina waliamini dunia ilitagwa, mtahini makini atakukata maksi.

Sasa Wafini, ambao ndio mfano bora kwa insha yako, kwa sababu tunaweza kuuona mkono wa mhariri. Elias Lönnrot, daktari wa wilaya, alikusanya nyimbo za Karelia, eneo la mpakani mwa Finland na Urusi, akaziunganisha katika utenzi wa Kalevala. Toleo linalonukuliwa kila mahali ni la 1849. Humo binti wa hewa, Ilmatar, anaelea baharini. Bata wa majini anatafuta pa kujenga kiota, anaona goti la Ilmatar limechomoza, analidhani kichuguu cha nyasi, anataga mayai sita ya dhahabu na la saba la chuma. Anaatamia hadi joto linamuunguza Ilmatar. Anashtuka, anasogeza mguu, mayai yanaanguka majini na kuvunjika. Nusu ya chini inakuwa nchi, ya juu mbingu, kiini jua, ute mwezi, vipande vyenye madoadoa nyota, vyeusi mawingu. Hakuna vita na hakuna subira ya mwaka. Dunia imetokana na goti lililoungua.

Fungua toleo la 1835 uone. Goti si la Ilmatar, ni la Väinämöinen, mwanamume, shujaa mkuu wa nyimbo hizo, na anayetaga ni tai. Väinämöinen yuko majini kwa sababu adui amempiga mshale farasi wake akamtumbukiza baharini. Yaani kabla ya nchi na mbingu kulikuwa na farasi, mshale na kisasi cha zamani! Waimbaji halikuwasumbua hilo. Lönnrot lilimsumbua, akalipeleka yai mwanzo kabisa wa kitabu na kumfanya Väinämöinen mtoto wa Ilmatar. Utaratibu unaouona katika toleo la 1849 kwa sehemu kubwa ni wake. Usiulinganishe na Babeli kana kwamba waimbaji wa Karelia ndio walioupanga.

Je, waliazimana? Yai peke yake si ushahidi. Kila penye ndege pana mayai, na mtu yeyote anaweza kuona kwamba uhai unatoka kwenye kitu kisicho na umbo. Kinachothibitisha undugu ni vitu ambavyo havikuwa lazima viwepo, vikifuatana kwa mpangilio uleule: ndege anayehangaika kutafuta pa kutua, kiota, mayai, kisha jua na mwezi kutokea humo. Mfuatano huo unaukuta kwa Wafini, Wakarelia na Waestonia, tena katika mizani ileile ya ushairi na lugha za ukoo mmoja. Hapo sema bila woga kwamba ni urithi wa pamoja. Kati ya Karelia na Upanishadi kinacholingana zaidi ni ganda moja kuwa nchi na jingine kuwa mbingu, jambo ambalo yai lililogawanyika mara mbili linakuletea lenyewe. Andika kwamba yanafanana, basi.

Na ukitaka kuingiza mfano wa kwetu, usilazimishe yai. Kwa Wagikuyu, Ngai anamwonyesha Gikuyu nchi kutoka juu ya mlima, nayo iko tayari, ina mito na misitu. Linalosimuliwa ni jinsi yeye na Mumbi walivyoipata na ukoo ulivyogawanyika kwa mabinti zao. Hiyo inastahili sura yake yenyewe katika insha yako, chini ya visasili ambavyo havikushughulika na hali ya kabla ya dunia.