Biti ipi kabla ya rima ya 12?

"Wakuu nataka shimo la 12 H7 kwenye maildi stili, rima ya mashine, nikitoboa na biti ya 11.9 si rima itapata kazi rahisi?"

— Hapo utaiua rima mkuu. Biti yenyewe huwa inatoboa kubwa kuliko namba yake, kama imenolewa upande unaweza ukapima ukakuta 11.97 tayari, sasa rima inakata nini? Inasugua tu, inapata moto, inakuwa butu, na shimo utaliona linang'aa huku kuna mikwaruzo ya biti haijafutika. Anza na 11 alafu pitisha 11.7, hata ikitanuka kidogo bado unabaki na kama 0.2 kwenye kipenyo, mzunguko wa taratibu na oili ya kutosha.

— Mi huwa naacha nusu mili kila shimo, haijawahi nisumbua

— Kwa rima kubwa za 25 hivi sawa, ila kwa 12 vipande vinajaa kwenye mifereji shimo linatoka limechunika

— Mi yangu ni ya mkono, nayo 11.7?

— Ya mkono punguza, iachie kama 0.1 tu, ila jaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa maana inategemea biti yako