Kipimo cha haiba kabla ya usaili

"Ajenti wa ajira amenitumia linki ya kipimo cha haiba. Nimuulize matokeo yatatumikaje, au nitaonekana msumbufu?"

Uliza, dadangu, tena kabla hujaifungua linki. Nimekaa upande wa waajiri hapa Nairobi, na swali la adabu halijawahi kunifanya nimkate mtu. Andika hivi:

"Habari za asubuhi. Linki nimeipata, nitaifanya kufikia Alhamisi. Naomba kujua kipimo kinaitwaje, kama kuna alama za kuvuka au matokeo yatajadiliwa kwenye usaili, nani atayaona na yatahifadhiwa muda gani. Ningependa pia nakala ya ripoti yangu."

Jina la kipimo lina uzito. Wakitaja MBTI, wachapishaji wake wenyewe wanasema kisitumike kuchagua wa kuajiriwa, kwa hiyo uliza kinawasaidia nini hasa.

Kuna wanaosema sheria inakulinda; wamepatia nusu. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019, kifungu cha 35, kwa kawaida inakupa haki ya kutoamuliwa na kompyuta peke yake. Haimlazimishi mwajiri kukuita ukikataa kipimo.

Na ukishawishika kutafuta "majibu sahihi", kumbuka vipimo vingi hurudia swali lilelile kwa maneno mengine. Niliwahi kuona ripoti ya kijana aliyejibu "nakubali kabisa" karibu kila mahali. Ilikuja na alama ya tahadhari kwamba majibu yanagongana.

Ajenti akikujibu "ni utaratibu tu", sijui kama ningeendelea. Inategemea unaihitaji kazi kiasi gani.