Mgeni Maarufu Hakukutana na Waigizaji Wenzake

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia akiuliza ilikuwaje mwimbaji mashuhuri aliyeigiza sauti ya mvuvi katika katuni yetu ya watoto akaweza kukaa studio na waigizaji wetu wa kila siku. Nilifurahi sana kuupata ujumbe huo, kwa sababu hawakuonana hata mara moja.

Ndivyo wageni wengi wanavyorekodiwa, kwani ratiba zao haziingiliani na za waigizaji wakuu. Mwaka 2003 Tony Blair, akiwa Waziri Mkuu wa Uingereza, aliigiza sauti yake mwenyewe katika The Simpsons: yeye alirekodiwa London, ilhali mfululizo wenyewe hutengenezwa Los Angeles. Kwa kuwa katuni huchorwa baada ya sauti kupatikana, midomo hufuata maneno, na mtazamaji huamini kwamba wahusika wanatazamana. Sikio, hata hivyo, halidanganyiki upesi hivyo.

Katika kipindi chetu, mtoto anamwita mvuvi kutoka ng'ambo ya mto. Sauti za watoto tulikuwa tumesharekodi, na mtoto huyo alipaza sauti kwelikweli. Mwimbaji alipofika aliisoma sentensi yake, "Subirini, maji yanapanda!", kwa sauti nzuri ya mtu aliyeketi sebuleni. Kuiongezea ukubwa kwenye kompyuta kusingesaidia, kwa maana mtu anayepaza sauti hubadilisha pumzi, huvuta irabu na hupandisha sauti juu. Mnong'ono ulioongezwa hubaki mnong'ono, ila sasa unasikika karibu zaidi.

Nilimwomba asogee nyuma hatua moja, nikalivuta kando sikio moja la hedifoni yake ili ajisikie, kisha nikasimama upande wa pili wa chumba na kumwita kwa maneno ya mtoto, kwa nguvu ileile. Akajibu bila kutazama karatasi. Jibu hilo ndilo mlilolisikia.

Mtayarishaji mmoja aliwahi kuniambia mbele ya watu kwamba fundi sauti kazi yake ni kubonyeza vitufe, na neno hilo linaniuma mpaka leo. Ninyi mnaotaka kazi hii, msikubali kumwachia mgeni karatasi na ukuta. Mpeni mtu wa kumsomea sentensi zinazomtangulia, tena asome kwa hisia, akinyamaza kabisa mgeni anapojibu, maana sauti mbili zikipandana katika maikrofoni moja si rahisi kuzitenganisha.

Mwombeni kila sentensi mara tatu mfululizo bila kumkatiza. Kabla hajaondoka, rekodini nusu dakika ya ukimya wa chumba chake, kwa kuwa kila chumba kina mvumo wake, na mvumo huo ukikatika kati ya sentensi mbili, msikilizaji hugundua mara moja kwamba mvuvi na mtoto hawakuwa mahali pamoja. Ukimya huo huo ndio mtakaoutumia kuziba mapengo.