Ulimi ukikwama, rudi nyuma kwenye sentensi

Wewe uliyeanza juzi kusoma taarifa ya habari redioni, kabla ya kusoma skripti yako hewani jirekodi kwa simu. Soma kwa mwendo uleule wa studio, na ukijikwaa usisimame kuanza upya, endelea hadi mwisho. Kisha sikiliza ukiwa na karatasi na penseli. Zungushia duara neno ulilolirudia au kulikosea, na piga mstari mdogo pale unapojisikia ukivuta pumzi mahali pasipo na kituo. Rekodi mara mbili. Alama zinazohama kati ya rekodi ya kwanza na ya pili ni uchovu au macho yaliyoruka mstari, ziache. Zinazoangukia palepale mara zote mbili ndizo za kushughulikia.

Nilipokuwa mgeni kazini niliandika hivi:

“Mradi wa maji wa vijiji vitatu vya kata hiyo, ambao ujenzi wake ulianza mwaka jana kwa fedha zilizochangwa na wananchi wenyewe pamoja na halmashauri, umezinduliwa jana na mkuu wa wilaya, ambaye amewataka wakazi kuunda kamati itakayosimamia matengenezo ya mabomba ili kuepuka hasara iliyojitokeza katika mradi uliotangulia.”

Katika rekodi ya kwanza nilisema “zimezinduliwa”, nikajirekebisha. Katika ya pili nilisema “zime”, nikakata, nikasema “umezinduliwa”. Nikadhani neno lenyewe ni gumu, nikakaa nalifanyia mazoezi. Nilipolisoma peke yake lilitoka bila shida yoyote. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia hadi leo: neno likikukwamisha hata likiwa peke yake, tatizo ni neno, lizoee au tafuta jingine. Likitoka vizuri peke yake na kukwama ndani ya sentensi, tatizo liko nyuma yake.

Hesabu maneno yaliyokaa kati ya “mradi” na kitenzi chake. Ni 23. Njiani ulimi umepita vijiji, ujenzi, fedha, wananchi na halmashauri, na kila jina lina upatanisho wake. Ukifika kwenye kitenzi, umeshausahau mradi. Ulimi wangu ulishika “fedha zilizochangwa” ukatoa “zi-”. Kiswahili kina huruma hapa, maana kiambishi ulichokosea kinakuonyesha ni jina gani lililokuvuta. Na ikiwa wewe mwenye karatasi mkononi umeupoteza mradi, msikilizaji anayeosha vyombo ameupoteza kabla yako.

Mstari wa pumzi nao ulikuwa kabla ya “ambaye”. Mara nyingi “amba-” ya pili katika sentensi moja ni habari ya pili iliyogongomelewa kwenye ya kwanza, kwa hiyo kata hapo.

Nilipokata mara ya kwanza niliharibu. Niliandika: “Ujenzi ulianza mwaka jana, kwa fedha za wananchi wenyewe na za halmashauri. Amewataka wakazi waunde kamati.” Mhariri akauliza, “Nani amewataka?” Alikuwa sahihi, kwa sababu ukikata sentensi, ile “a-” ya kitenzi inabaki bila mwenyewe. Mtaje tena mtendaji, usiogope kurudia, kwa kuwa msikilizaji hawezi kurudi juu kutazama. Ikawa hivi:

“Jana mkuu wa wilaya alizindua mradi wa maji wa vijiji vitatu vya kata hiyo. Ujenzi ulianza mwaka jana, kwa fedha za wananchi wenyewe na za halmashauri. Mkuu huyo wa wilaya amewataka wakazi waunde kamati ya kusimamia matengenezo ya mabomba. Lengo ni kuepuka hasara iliyotokea katika mradi uliotangulia.”

Ile ya zamani ilikuwa na maneno 46, hii ina 47. Hakuna habari iliyotupwa. Kilichobadilika ni kwamba mtendaji na kitenzi chake sasa vimekaa bega kwa bega, na sentensi ndefu kuliko zote ina maneno 14. Usiichukue 14 kama sheria. Sentensi ya maneno 20 isiyo na kishazi katikati husomeka, na ya 12 yenye tarakimu ndefu ya fedha inaweza kukukwamisha.

Ukishaandika upya, rekodi tena, lakini usiamini sana rekodi ya nne au ya tano. Kufikia hapo umeshaikariri habari, na hata sentensi mbovu itatoka laini. Mpe karatasi mwenzako wa zamu ambaye hajaiona, asome kwa sauti mara moja tu, nawe simama nyuma yake na penseli.