Miiba ya mnyonyo haimaanishi kwamba tunda lake hubebwa na mnyama

Swali: "Nakusanya matunda makavu ya mimea mbalimbali ili niyapange katika mafungu manne: upepo, maji, wanyama na kupasuka. Mnyonyo nimeuweka kwa wanyama kwa sababu tunda lake lina miiba, na vishada vyake nimevianika kwenye trei za wazi, kila mmea na trei yake. Je, umbo la tunda linatosha kunionyesha njia? Na mninga niuweke wapi?"

Viondoe vishada hivyo kwenye trei za wazi leo hii. Tunda la mnyonyo, ambao wengine huuita mbarika, hupasuka kwa nguvu likikauka na kurusha mbegu zake nje ya trei. Kwa kuwa umezitenga trei zako kwa kufuata mimea mama, mbegu za mmea mmoja zitaangukia kwenye trei ya mwingine, na ikiwa mimea hiyo ni ya aina moja, madoa ya mbegu hufanana mno kiasi kwamba hakuna jicho litakalozitenganisha.

Mkusanyo wangu wa msimu mzima ulipotea kwa njia hiyo hiyo. Mkufunzi aliyetufundisha kukusanya mbegu alitupa jedwali la safu nne lililosema kwamba bawa ni upepo, nyuzi ni maji, miiba ni wanyama, na ganda refu kama la kunde ni kupasuka. Hakuwahi kutuanikia tunda hata moja mbele yetu tukaona linavyomaliza kazi yake. Nilianika vishada vya mnyonyo bila kuvifunika kwa sababu jedwali lilisema ni tunda la kunata kwenye manyoya, na tunda la kunata halina sababu ya kuruka. Yalipoanza kukauka, mbegu zilitawanyika katika trei zote, zilizoanguka sakafuni zikavutwa na sisimizi, na kumbukumbu zote nilizoandika kuhusu kila mmea mama zikawa hazina mbegu za kuziambatanisha nazo. Bado linanikera, kwa sababu jedwali hilo lingali likisambazwa na wewe umelifuata neno kwa neno. Mtu anayefundisha kusoma umbo la tunda ana wajibu wa kueleza kwamba umbo hutoa dhana ya kuchunguzwa, na kwamba jibu lenyewe hutoka kwenye tunda lililoachwa likomae mpaka mwisho.

Kanuni ninayoishika tangu wakati huo ni hii: usiandike njia ya usambazaji kabla hujaona ni kitu gani kinachoondoka kwenye mmea mama. Wakati mwingine huondoka tunda zima, wakati mwingine kipande cha tunda, na wakati mwingine mbegu peke yake. Umbo lenye maana ni la kile kinachosafiri. Miiba, manyoya au nyuzi zilizo kwenye sehemu inayobaki nyuma huwa na kazi nyingine, na mara nyingi kazi hiyo ni kuzilinda mbegu changa zisiliwe kabla hazijakomaa.

Sasa lichukue tunda moja la mnyonyo ulitazame upya. Lina vyumba vitatu vilivyogawanywa na mifereji inayoonekana wazi kwa nje, na kila chumba kina mbegu moja. Mifereji hiyo ndiyo dalili uliyoiruka ulipokimbilia miiba, kwa sababu tunda lenye mishono iliyonyooka mara nyingi limejengwa lifunguke. Kisha iguse miiba yenyewe: ni laini, hupinda chini ya kidole, na ukiitazama kwa lenzi ya kukuzia utaona kwamba ncha yake haina ndoano. Linganisha na kishona nguo, ambaye kila kijitunda chake chembamba kina vijimiba vichache kichwani, na vijimiba hivyo vina meno madogo yanayoelekea nyuma, hivyo vikishaingia kwenye kitambaa haviwezi kurudi kwa urahisi. Jambo la pili ni kikonyo. Tunda linalosafiri kwa kunata huachana na mmea kwa mvuto mdogo, la sivyo mnyama angepita na kuliacha pale pale. Pitisha kitambaa cha sufu juu ya kishona nguo kilichokomaa na utaondoka na vijitunda vingi, kisha kipitishe juu ya kishada cha mnyonyo. Kitambaa kitapita, na matunda yatabaki yameshikilia vikonyo vyao.

Nguvu ya kupasuka inatokana na kukauka. Ukuta wa tunda la mnyonyo una tabaka la nje lililo laini na tabaka la ndani linalokuwa gumu kama mbao. Maji yanapotoka, tabaka hizo hazisinyai kwa kiasi kimoja wala kuelekea upande mmoja, kwa hiyo mvutano hujengeka ndani ya ukuta huku mishono ikiwa bado imeshikana. Mishono ikishindwa, vyumba vitatu huachana na mhimili wa katikati kwa ghafla, kila chumba hufunguka, na mbegu hutupwa mita kadhaa. Ndiyo maana siku yenye jua kali na hewa kavu ndiyo siku ya hatari kwa trei zako, na ndiyo maana tunda la kijani lililochumwa mapema mno linaweza kusinyaa bila kupasuka na kukudanganya kwamba halipasuki kabisa.

Fanya hivi. Chagua kishada ambacho matunda yake ya chini, yanayotangulia kukomaa, yameanza kugeuka kahawia, kisha kikate pamoja na bua lake. Kiweke ndani ya boksi pana lenye karatasi nyeupe chini, ulifunike kwa kitambaa cha chandarua kilichofungwa kingo zote, na ulianike juani. Andika jina la mmea mama kwenye boksi lenyewe na pia kwenye karatasi ya ndani, kwa sababu kifuniko huweza kubadilishwa kimakosa. Matunda yatakapopasuka utasikia mlio, na utakuta mbegu zimetawanyika mbali na kishada huku vipande vya ukuta vyenye miiba vikiwa vimetengana nazo. Hapo ndipo utaona kwa macho yako kwamba miiba haikwenda popote pamoja na mbegu. Ukitaka kupima umbali, weka tunda moja lililokaribia kupasuka katikati ya chumba kisicho na vitu, funga mlango, kisha pima kutoka lilipokuwa tunda hadi ilipo kila mbegu. Tumia matunda mengi kuliko moja, kwa sababu mbegu tatu za tunda moja hutupwa pande tofauti na umbali wake hutofautiana sana. Sakafu ngumu pia huzifanya mbegu ziruke tena baada ya kutua, kwa hiyo tandika shuka nene.

Vaa glavu na usiruhusu mtoto azishike mbegu hizo bila usimamizi. Mbegu ya mnyonyo ina sumu kali iitwayo risini, na hatari huwa kubwa zaidi mbegu ikitafunwa au kupondwa.

Hata ukishauhamishia mnyonyo kwenye fungu la kupasuka, kazi haijaisha, na hapa ndipo jedwali la safu nne linapovunjika kabisa. Tazama ncha moja ya mbegu ya mnyonyo na utaona kinundu kidogo cheupe kilicho laini kuliko ganda la mbegu. Kinundu hicho kina mafuta, na sisimizi hukipenda. Huivuta mbegu nzima hadi kwenye kiota, hukila kinundu na kuwalisha mabuu wao, kisha huitupa mbegu iliyobaki, ambayo ganda lake gumu limeilinda, mahali wanapotupa takataka zao. Kwa hiyo mnyonyo husambazwa kwa hatua mbili: kwanza tunda hurusha, kisha mdudu hubeba. Ulikuwa karibu na ukweli ulipoandika wanyama, ila dalili uliyoitegemea, yaani miiba, haihusiki, na dalili inayohusika imefichwa ndani ya tunda mpaka lipasuke. Unaweza kulithibitisha hili kwa kuweka mbegu zenye vinundu na nyingine ulizoondolea vinundu kwa uangalifu karibu na njia ya sisimizi, zikiwa zimechanganywa katika eneo moja, kisha urudi kuona zipi zimesogezwa. Usizisogeze wala kuzikusanya katikati ya jaribio, na usitumie mbegu zilizokaa muda mrefu, kwa maana kinundu kilichonyauka hakivutii kama kilicho kipya.

Mninga ni mfano mzuri wa kuipima kanuni ile ile, kwa sababu tunda lake lina bawa la mviringo lililozunguka kitovu chenye miiba mingi migumu. Kwa jedwali lako lingestahili mafungu mawili. Ukiuliza ni kipi kinachoondoka, utaona kwamba tunda halifunguki na huondoka zima, huku miiba ikiwa imekusanyika katikati na bawa likichukua sehemu kubwa ya upana wake. Matunda hayo huning'inia juu mtini hata baada ya majani kupukutika, mahali ambapo upepo unayafikia bila kizuizi. Angusha tunda zima na jingine ulilolikata bawa kutoka urefu mmoja na uone lipi linachelewa kutua. Basi ni upepo, na miiba ile ni ulinzi wa mbegu iliyo ndani. Mjakaranda hukupa kinyume chake: tunda ni gumu na halina bawa lolote, lakini likifunguka hutoa mbegu bapa zenye utando mwepesi pembeni, na hizo ndizo zinazopeperushwa. Aliyelitazama tunda lililofungwa peke yake hawezi kulijua hilo.

Jambo moja zaidi kuhusu mnyonyo, kwa sababu huenda likakuchanganya hata ukifuata hatua zote. Ipo mimea ya mnyonyo ambayo matunda yake hukauka na kubaki yamefungwa, kwa kuwa wakulima wamechagua kwa muda mrefu mimea isiyopoteza mbegu kabla ya mavuno, na ipo pia yenye matunda yasiyo na miiba kabisa ambayo hupasuka kama kawaida. Kwa hiyo, kwenye kila boksi andika kama mmea mama ulipandwa au umejiotea, andika kama tunda lilikuwa na miiba, na andika kama lilipasuka lenyewe au ulilifungua kwa mkono. Tunda lililokauka kikamilifu bila kupasuka kutoka kwenye mmea wa shambani lisikufanye uurudishe mnyonyo kwenye fungu la wanyama wenye manyoya.